Namba Tatu za Mtihani wa Mjukuu Wangu

Mimi shule niliiacha mapema, lakini mjukuu wangu, anayeniita Dani, yaani bibi, ni muuguzi, tena kwenye hospitali ya Addis Ababa, huko alikoolewa. Hilo nalisema kwa sauti hata sokoni.

Siku hiyo nauza omena, dagaa wa ziwani, hapa soko la Otonglo. Usajili wa mtihani wake wa Kiingereza, ule wauguzi wanaufanya ili waajiriwe ng'ambo, unafungwa jioni. Ada ni ya dola. Mshahara wake ni wa birr, pesa ya huko, na kadi ya benki yake hailipi kitu nje ya nchi. Dola aliomba benki, wakamwambia asubiri. Akasubiri mpaka siku ya mwisho. Bwana mmoja wa Milimani, kwa matajiri, rafiki ya baba yake, aliahidi kumlipia kwa kadi yake, halafu akazima simu.

Basi nikabaki mimi. Mama wakala wa kibanda jirani akanifungulia kadi isiyoshikika. Inakaa ndani ya simu na inakula pesa zilizo kwenye simu. Nikaweka pesa zangu zote za mabati ya nyumba. Namba ndefu ya kadi tukamtumia mjukuu. Zikabaki namba tatu za siri. Hizo unaziomba, zinakuja kwa ujumbe, na zisipotumiwa haraka zinakufa.

Zikaja. Hapo hapo simu ikalia, namba nisiyoijua, sauti inakatikakatika.

"Dani, bando imeniishia, hii ni simu ya jirani. Nisomee zile namba!"

"Wewe nani?"

"Dani, ni mimi!"

"Kila mwizi ananiita Dani. Juzi mmoja alilia kabisa, eti amelazwa."

"Ukurasa unajifunga, Dani!"

"Acha ujifunge. Mbuzi wetu alikula nini?"



"Yunifomu yangu! Ukanichapa mimi, mbuzi ukamwacha!"

"Mbuzi alikuwa na mimba."

Nikasoma. Akasema zimekataa, zimeshakufa. Mama wakala akaninyang'anya simu, akaomba namba nyingine, huku ananifokea, "Mama, umemhoji mtoto kama polisi!" Nikasoma tena, moja moja.

Ujumbe ukaingia: pesa zimetoka. Zote, zimebaki za chumvi.

"Umesajiliwa?" nikauliza.

"Bado inazunguka tu, Dani. Haisemi kitu."

Simu ikakatika. Mabati yameenda, mtihani haupo. Nikakaa chini kando ya omena, khanga mdomoni. Mvua za kule Ahero ziliwahi kubeba nyumba yangu na sikulia. Siku hiyo nililia. Mteja akasimama, akauliza bei. Sikumjibu.

Jua limeshalala upande wa ziwa, simu ikalia tena, namba ile ile. Sikuuliza mbuzi.

"Wamenisajili, Dani! Barua pepe imeingia!"

Mteja alikuwa bado amesimama. "Mama, omena ni ngapi?"

"Ngoja," nikamwambia. "Bado nalia."