Taarifa ya Katibu Kwangu

Mwaka 1983, msako wa walanguzi na waficha bidhaa ulipopamba moto, Mwalimu Hyasinta alikuwa akifundisha historia katika sekondari moja ya Musoma. Vitabu havikuwepo, kwa hiyo aliandika vyanzo ubaoni kwa mkono. Siku hiyo aliandika sehemu ya taarifa ya ofisa wa kikoloni: wenyeji wa rasi ya Musoma wameficha nafaka kwa ukaidi.

"Nani ameandika, lini, kwa nani, kwa nini?" aliuliza. "Tumwamini kwa lipi?"

Mwanaamina, binti wa kidato cha nne, alisimama. Alisema ofisa alikuwa akimwandikia mkubwa wake baada ya kushindwa kukusanya nafaka, hivyo alihitaji wa kumlaumu. Shajara ya padri mmoja, ya mwaka huohuo, ilisema mvua haikunyesha. "Taarifa haithibitishi kwamba watu walificha. Lakini inaonyesha vizuri serikali ilichotaka, na ofisa alivyowaona watu."

"Safi sana, mwanangu."

Binti hakuketi. "Mwalimu, na taarifa ya kumshtaki baba je?"

Baba yake, Hamduni, mwenye duka, alikuwa mahabusu. Kwangu, katibu wa chama mtaani, alikuwa ameandika kwamba Hamduni ameficha katoni za sabuni. Kwangu naye alikuwa na duka mtaa huohuo. Katoni zile ziliagizwa na wavuvi wa kisiwa cha Rukuba, ila boti lao lilikuwa limekosa dizeli ya kuja kuzichukua.

Hyasinta hakulala vizuri. Alipojua kesi inasikilizwa mbele ya baraza la kesi za ulanguzi, alikwenda na binti yule, akaomba kusema.

"Mwandishi wa taarifa ana duka," alisema. "Alikuwepo katoni zilipoletwa, au aliambiwa tu? Na wavuvi wa Rukuba hawajaulizwa. Waiteni, tulinganishe."

Mwenyekiti alimtazama kwa uchovu. "Mwalimu, hapa si darasani. Sabuni imekutwa, haikukutwa?"

"Imekutwa."

"Basi."

Hyasinta alijua kwamba hilo lilikuwa kweli, na kwamba halikujibu swali lake. Hamduni alifungwa miaka miwili. Alipotoka alikuwa akikohoa, na duka lilikuwa na mwenyewe mwingine.

Mwaka uleule wa kesi, mtihani wa taifa ulipokwisha, Mwanaamina alipita kumuaga mwalimu wake nyumbani. Alisema swali la chanzo lilitoka, barua ya mmisionari, rahisi kabisa.

"Umejibuje?"

"Sikujibu, mwalimu. Niliacha wazi."

"Ulikuwa unajua!"

"Nilijua yote. Nilikuwa najiuliza, nikishajua mwandishi ana lake jambo, nimpelekee nani? Anayesikia ni nani?"

Swali hilo Hyasinta alikuwa nalo tangu siku ya kesi. Binti aliaga kwa adabu, akashuka kuelekea mjini. Mwalimu alibaki mlangoni, kisha akaingia ndani kuandaa somo la Jumatatu. Alishika kalamu mpaka chai ikapoa, na hakuandika hata neno moja.