Nani Mwenye Friza ya Kigombe

Kazija alisoma mara ya tatu na bado hakuelewa kitu. Simu ilikuwa imerekodi kikao cha jana yake, Jumatatu, programu ikageuza sauti kuwa maandishi, na maandishi yalikuwa vurugu tupu: pweza, harusi ya Nguvumali, bei ya barafu, tena pweza. Bi Huwaida, mwenye kampuni ya kuuza pweza, alitaka karatasi moja tu: kilichoamuliwa, na nani atakifanya. Kazija alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Akiharibu hili, anarudi kwao Pemba.

Mengine aliyapata. Uweso atanunua makreti. Sabra atawaandikia wateja wa Pangani. Kilichomkwamisha ni friza ya Kigombe iliyokufa, na pweza wa wavuvi wamo ndani kwenye barafu ya kuazima.

Maandishi yalisema hivi. Miraji: "Aende Sabra akaipulize kwa mdomo." Sabra: "Nitakwenda, wewe utanibebea mtungi wa gesi kichwani."

Basi ni Sabra, akaandika Kazija. Kisha akasita. Kwa mdomo?

Akarudi kwenye sauti yenyewe. Kumbe chumba kizima kilikuwa kinacheka. Miraji na Sabra ni mabinamu, kutaniana ndiyo salamu yao, na programu haikuandika kicheko hata kimoja. Akafuta jina la Sabra. Sasa friza haikuwa na mtu.

Akasikiliza tena tangu mwanzo. Katikati ya habari za harusi, kwa sauti ya chini, vikombe vikigongana, mtu alisema: "Huyo fundi wa friza, namba yake ninayo mimi. Nitampigia leo." Ilikuwa sauti ya Bi Huwaida.

Hapo akachanganyikiwa zaidi. Mwajiri mtu mzima, unayemwamkia shikamoo kila asubuhi, unamwandikaje kwenye orodha ya kazi kama kijana wa makreti? Akiacha wazi, pweza wanaoza. Akirudisha jina la Sabra, anasema uongo. Akaandika: Fundi wa friza, kupigiwa Jumatatu. Bi Huwaida.

Alimpelekea karatasi mkononi. Bi Huwaida alisoma, akavua miwani.

"Nani kanipangia kazi?"

"Ulijipangia mwenyewe, Bi Huwaida. Kwenye kikao. Sauti ninayo."

Bibi alichukua simu. Alimpigia fundi palepale, akamwambia aende Kigombe kabla ya adhuhuri, kisha akaikunja ile karatasi na kuitia mkobani. Kazija alisimama asijue aondoke au angoje barua ya kufukuzwa.

"Vikao vya nyuma navyo umevihifadhi?"

"Navyo, bibi."

"Visikilize vyote. Uniandikie kila nilichoahidi nikakisahau." Akavaa miwani yake. "Na jina langu liwe la kwanza."