Namba 0417, Hayupo

Fundi cherehani alikuwa na miaka thelathini na minane na namba moja ya usajili, 0417. Mchana alishona sare, jioni alisomea ualimu wa ufundi. Hesabu zilimwangusha mara mbili, na kwa kanuni za chuo, ya tatu ndiyo ya mwisho: ukifeli au usipotokea, unafunga virago.

Ratiba ilipobandikwa alimwandikia afisa mitihani:

“Shikamoo mzee. Mimi ni 0417, mwaka wa pili. Jumanne saa tatu asubuhi nina mitihani miwili: Mbinu za Kufundishia, ukumbi mkuu, na Hesabu, marudio ya mwaka wa kwanza, ukumbi mdogo. Naomba utaratibu. Nimeambatanisha ratiba na fomu ya usajili.”

Ratiba hupangwa kwa madarasa. Anayerudia mtihani ana mguu huku na mguu kule, na mpangaji hamwoni.

Jibu lilikuja siku ya tatu. “Marahaba. Mbinu saa tatu. Hesabu utafanya saa nane, chumba namba sita. Katikati utakaa chini ya uangalizi, bila simu, bila kuongea na mtahiniwa yeyote.”

Jumanne, alipomaliza Mbinu, mama mhudumu wa ofisi alimpeleka chumba namba sita, akachukua simu yake na kufunga mlango.

“Leo wewe mwari wangu,” alisema. “Hata chooni tunakwenda wote.”

“Na nikikoroma?”

“Koroma, ila usikorome majibu.”

Walicheka. Kisha nyayo zikasimama nje ya mlango. Wasimamizi wawili walikuwa wakirudisha bahasha.

“Hesabu wametimia?”

“Kasoro mmoja, 0417. Nimemwita mara tatu, nikaandika hayupo.”

“Aliyekuwa na nafasi ya mwisho? Basi huyo kwisha habari yake.”

“Bahasha nimeshaipiga lakiri.”

Nyayo zikaenda kabla mlango haujafunguliwa. Mama mhudumu hakucheka tena.

“Mama, afisa hakuwaambia?”

“Kasafiri jana, tawi la pili. Labda alisahau kukutoa kwenye orodha yao.”

“Nenda kawaambie.”

“Nikikuacha peke yako, mwanangu, mtihani wako unafutwa. Nawe ukitoka, hivyo hivyo.”

“Na simu?”

“Nikikupa, tumekwisha wote wawili.”

Saa nane kasoro, msimamizi kijana alileta karatasi ya maswali na karatasi tupu ya mahudhurio. Fundi alimweleza. Kijana alikuna kichwa. “Dada, mimi nimetumwa kusimamia tu.”

Fundi alifanya maswali yote. Swali la nne lilimtoa jasho. Dakika kumi za mwisho aliandika juu ya jalada la kijitabu chake cha majibu: “Nimefanya chumba namba sita, saa nane, kwa idhini ya afisa mitihani.” Akamsogezea kijana kalamu.

“Tia sahihi hapa.”

“Sijui kama inaruhusiwa.”

“Nami sijui. Tia.”

Kijana alitazama mlango, kisha mama mhudumu, kisha saa ya ukutani. Kalamu alikuwa hajaishika.