Paka Aliyeangukia Ubavu

Mke wangu alipofariki aliniachia shamba dogo la miparachichi huko Kilungu, na paka wake. Mimi na huyo paka hatukuwa marafiki. Miaka yangu mingi niliimalizia barabarani nikiendesha lori, nikija nyumbani kama mgeni, na paka alinichukulia hivyo hivyo. Baada ya mazishi, watoto waliporudi makazini kwao, tukabaki wawili.

Siku zilikuwa ndefu. Nilikuwa nakaa mlangoni na kikombe cha chai nikimtazama akipanda paa la ghala. Siku moja aliteleza kwenye mabati, akaanza kuanguka chali, mgongo chini, kisha akageuka hewani. Kabla sijainuka alikuwa amesimama kwa miguu yote minne, anajilamba. Nikasema peke yangu, kumbe roho ya paka ni kweli.

Ndiyo maana nilishtuka asubuhi ile alipoteleza tena kutoka pale pale, akaanguka kama gunia. Hakugeuka hata kidogo. Aliangukia ubavu, na alipoinuka akatembea akizunguka upande mmoja, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza ukutani.

Nilimtia kwenye kikapu, nikafunga kitambaa juu, tukaenda mjini Wote. Kwenye kliniki ya mifugo kulikuwa na mwanamume aliyekuja kutafuta dawa ya ng'ombe. Alichungulia kikapu akacheka.

"Mzee, umetoka Kilungu kuleta paka?"

"Ni wa mke wangu," nikamwambia.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole wa mikono. Alimpapasa paka mbavu, akasema hakuna kilichovunjika. Kisha akamtazama macho, yalikuwa yanachezacheza upande upande yenyewe.

"Huyu hakuugua kwa sababu ya kuanguka," akasema. "Alianguka vibaya kwa sababu anaumwa."

Nikamwambia kwamba zamani alikuwa akigeuka hewani, na kwamba sijawahi kuelewa anavyoweza, maana hana kitu cha kushika.

"Ndani kabisa ya sikio kuna kitu kinachomwambia chini ni wapi," akasema. "Akianza tu kuanguka, kichwa kinageuka kwanza. Hafikirii, mwili unafanya wenyewe. Halafu anakunja miguu ya mbele na kunyoosha ya nyuma. Nusu ya mbele inageuka haraka, ya nyuma inajipinda kidogo tu upande wa pili. Kisha anabadilisha: ananyoosha ya mbele, anakunja ya nyuma, na kiuno kinafuata."

Alipitisha kidole polepole kwenye uti wa mgongo wa paka.

"Anaweza kwa sababu ya huu mgongo. Pingili zake ni legevu kuliko zetu, zinajipinda sana. Hata mtulinga wake, huu mfupa wa juu ya kifua, ni kijifupa kidogo, haujafunga mabega kama wako. Mwishoni anatanguliza miguu, inapokea uzito."

"Kila mara?"

"Hapana. Akianguka kutoka chini sana hapati nafasi ya kugeuka. Kutoka juu sana anaweza kugeuka vizuri na bado akavunjika. Na sikio likiharibika, kama hivi, hajui chini ni wapi."

Alimulika ndani ya sikio la kushoto kwa kitochi chake. Kulikuwa na usaha. Akanipa vidonge vya majuma kadhaa, akaniambia nimweke ndani, asipande popote, na nimrudishe akaguliwe.

Nilipokuwa nafunga kikapu akauliza, "Nyumbani uko na nani, mzee?"

"Na huyu."

Akaniandikia nambari yake ya simu kwenye boksi la dawa.

Njiani kurudi nilitambua kwamba tangu mazishi sikuwa nimeongea na mtu muda mrefu hivyo.

Vidonge nilivificha ndani ya nyama ya kusaga. Nyakati nyingine alivitema, nikaanza upya. Alilala kwenye kiti ambacho mke wangu alikuwa akishonea, nami nikatandika blanketi sakafuni pembeni yake, asije akaanguka. Nilimrudisha kliniki Wote mara mbili. Macho yalitulia. Kichwa kilibaki kimeinama kidogo, na daktari akasema pengine kitabaki hivyo.

Jioni moja, mvua ikinyesha, alijinyoosha juu ya egemeo la kile kiti, akakosea ukingo, akateleza mgongo ukiwa chini. Nikaona kichwa kikigeuka. Kisha mabega, kisha kiuno. Akatua kwenye blanketi kwa miguu minne, akiyumba kidogo.

Nikampigia binti yangu. Simu iliita hadi ikakatika. Nikampigia kaka yake, yeye alikuwa kazini, akasema atanipigia baadaye.

"Umeona?" nikasema, nikageukia upande wa jikoni kabla sijakumbuka kwamba hakuna mtu.

Paka alinitazama na kichwa chake cha kuinama. Nikakaa sakafuni karibu naye, na kwa mara ya kwanza akaja mwenyewe kwenye mapaja yangu. Tukasikiliza mvua hadi ikakatika.