Wekundu wa Majivu

Mjomba wangu alikuwa fundi wa kutia nguo rangi, enzi ambazo rangi ilichumwa shambani au ilikwanguliwa kwenye matawi, na ya kopo haikuwapo. Kuta za karakana yake zilikuwa na madoa hadi darini. Kazi aliijua, sikatai, ila alipenda mno sifa. Ukimsifu tu, amekwisha.

Mama yangu, dada yake, alipoposwa alimwomba kitu kimoja: hariri nyekundu ya kuingilia ukweni. Nyekundu ya kweli ilitoka kwa vidudu vinavyoganda kwenye matawi na kujifunika utomvu. Unavikwangua, unaviponda, unaviloweka, unachuja. Hariri nayo inatangulia kulowekwa kwenye maji ya moto yenye shabu, ili rangi ishike. Mjomba alikuwa na vidudu vya kutosha nguo moja. Akaja mteja mkubwa, akamsifu mbele za watu, na vidudu vyote vikaishia kwenye joho la mteja.

Dada si mtu wa kununa, Mjomba alijiambia. Siku mbili kabla ya harusi akachemsha manjano, akatumbukiza hariri, ikatoka ya njano. Kisha akaichovya kwenye maji ya majivu, ikageuka nyekundu pale pale. Hakuisuuza, maana maji mengi yangeurudisha unjano. Akaianika kivulini, akaikunja, akampelekea.

"Kaka, umenistahi," mama alisema.

Siku ya harusi, mama mkwe alikuwa jikoni akikamua ndimu, na mama akainama kumpokea bakuli. Matone yakamrukia kifuani. Kila tone likaacha doa la njano, likatanuka. Mjomba alikuwa mlangoni, sanduku la dada yake mkononi. Aliniambia mwenyewe, uzeeni, kwamba alitamani ardhi immeze.

"Rangi gani hii?" mama mkwe akauliza.

Mama alikulia kwenye karakana ile, hakuhitaji kuelezwa kwamba ni manjano na majivu, na kwamba uchachu wa ndimu huua majivu. Alimtazama kaka yake mara moja tu.

"Ni mimi, mama. Kaka alinikataza nisiifue kwa maji ya majivu, nikafanya ukaidi. Nimeiharibu mwenyewe."

Mjomba akalitua sanduku chini. Angesema neno moja tu, na mama angeingia nyumba ile na heshima yake. Hakulisema. Basi mama akaitwa Mkaidi tangu siku hiyo. Chumvi ikizidi, ni Mkaidi. Mtungi ukipasuka, ni Mkaidi.

Mwaka uliofuata mama mkwe akamwita Mjomba, akamwagiza nguo nyekundu.

"Wewe fundi hasa," alimwambia. "Ila uniletee mwenyewe. Usimpe dada yako, yule hasikii."

Mama alikuwa ameketi hapo hapo, akichambua mboga, wala hakuinua uso.

"Sawa, mama," Mjomba akajibu.