Sanamu Niliyoichelewesha

Nasimulia haya kwa aibu, maana Msimbazi nzima bado wananicheka, na wa kulaumiwa namtaja mapema: Shabani, mtoto wa dada yangu, fundi simu anayejiona anajua kila kitu.

Yeye ndiye aliyesema, "Mjomba, ile stori yako ya siku ya kwanza kazini tuitoe video, watu wavunjike mbavu." Stori yenyewe ni ya kweli: miaka ile ya ruksa, bidhaa zimeanza kujaa Kariakoo, nikaajiriwa duka la nguo la Mzee Jayanti, mteja akang'ang'ania gauni lililobaki moja tu, nalo limevalishwa sanamu dirishani. Nikalivua, na nje watu ndiyo wanatoka msikitini Ijumaa. Mzee Jayanti akapiga kelele, "Funika! Funika haraka!" nikavua shati langu nikaifunika sanamu, nikabaki kifua wazi mimi.

Nilivyoiandika, sanamu ilikuwa kwenye sentensi ya kwanza (shule niliishia la nne, lakini kusimulia najua). Shabani akakataa. "Ukiitaja mapema wanapita, mjomba. Mtu anakupa sekunde tatu tu, anza na bomu." Basi nikaanza: "Siku ya kwanza kazini nilimvua mwanamke nguo mbele ya watu!" Akakata kila mahali nilipovuta pumzi, maneno mazito akayaandika juu ya picha, akaniagiza nikifika kwenye gauni ninyamaze, nitoe macho, wasubiri, halafu ndiyo niseme "sanamu" na kicheko kifuate. Kweli tulipoitazama nilicheka mwenyewe.

Kisha akaitupia status. Enzi hizo status ilibeba nusu dakika tu, na sanamu yangu ilikuwa inatajwa baada ya hapo. Akaweka kipande cha kwanza peke yake, eti wanaotaka mwisho wataomba.

Nani aliomba? Jumapili wakaja wazee wa Magomeni kumposea kijana wao binti yangu Mwanaidi. Mshenga wao, Mzee Kombo, hata juisi hakugusa.

"Ndugu yangu, kabla ya yote. Yule mwanamke ulimvua kwa nini?"

Nyuma ya pazia nikamsikia Mwanaidi anaanza kulia. Nikatoa simu, nikamkabidhi Mzee Kombo aicheze video yote, wakainama wote kutazama. Ikafika kwenye ule ukimya wa Shabani. Mimi nangoja kicheko, wao wakadhani imeisha, Mzee Kombo akaizima.

"Tumeona ya kutosha."

"Haijaisha!" nikaruka. "Ni sanamu, wazee wangu! Sanamu ya dukani!"

Hakucheka mtu. Shangazi wa kijana akaniangalia juu mpaka chini. "Sasa si ungesema tangu mwanzo, baba?"

Tangu siku hiyo nikisimulia kitu naanzia mwisho, na Shabani simu yangu haigusi. Posa ilipita, lakini waliweka sharti: siku ya harusi, baba wa bibi harusi asipewe kipaza sauti. Wa kwanza kuitikia "Sawa" alikuwa Mwanaidi, nyuma ya pazia.