Nane ya Kwenye Kioo

Kila tarehe kumi na nne ya mwezi, simu yangu hujaa picha moja. Mtu amepiga picha ya skrini yenye jedwali la bei mpya za mafuta akaituma kwenye kundi la ofisi, mwingine akaipeleka kundi la kanisa, na binamu yangu asiye na gari wala baiskeli akaileta kundi la familia na maneno yake yaleyale: "Tumekwisha." Mimi ni karani katika yadi ya malori Changamwe. Kazi yangu ni kuikuza picha hiyo kwa vidole viwili na kusema kila safari ya kesho itakunywa mafuta ya shilingi ngapi.

Niliijua kazi hiyo, na niliringa nayo. Picha ya bei inadanganya kama hukujifunza kuisoma. Miji ni mingi kwenye jedwali, na bei ya Mombasa si ya Nairobi, maana sisi tuko karibu na bandari. Kuna safu ya petroli, ya dizeli na ya mafuta ya taa, na jicho lililochoka huteleza. Kuna watu wanaosambaza picha ya mwezi uliopita kama habari mpya. Mimi nilikuwa nikitazama tarehe kwanza, halafu mji, halafu safu. Kisha hesabu yenyewe ni nyepesi: kilomita za safari, ugawanye kwa kilomita ambazo gari linakwenda kwa lita moja, upate lita, uzidishe kwa bei. Trela lenye mzigo linakwenda kilomita mbili kwa lita, na dereva akiniambia moja na nusu namwambia ampelekee uongo huo mkewe.

Mama alikuwa akiishi Mwakirunge, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa kuuza mbaazi na mahamri. Figo zake zilipokataa kazi, daktari alisema asafishwe damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, hospitalini kisiwani. Matibabu yenyewe bima ililipa. Kilichobaki juu yetu kilikuwa kumfikisha pale. Kwa hali yake, kushuka matatu huku na kupanda nyingine kule kulimtoa roho, na baada ya kusafishwa alikuwa hawezi kusimama. Kaka yangu mkubwa, fundi wa umeme anayekaa Kisauni, ndiyo kwanza alikuwa amenunua kigari kwa mkopo ili abebee vifaa vyake. Akasema mama atabebwa na gari hilo, ila kwanza tujue linakula nini.

Siku hiyo tulikuwa uani kwa mama, Jumapili baada ya kanisa. Kaka aliniita kwenye gari kama anavyoitwa daktari kwa mgonjwa. "Dadangu, wewe ndiye mtu wa hesabu. Nipigie."

Nikafungua picha ya bei. Tarehe sawa, Mombasa sawa, safu ya petroli sawa: mia moja na themanini, nikiacha senti. Njia niliijua. Kutoka kwa kaka hadi kwa mama, hadi hospitalini, kumrudisha mama na yeye kurudi kwake, kilomita hamsini. Kilichobaki ni gari lenyewe. Nikamuuliza linakwenda ngapi kwa lita. Hakujua. Akanionyesha stika kwenye kona ya kioo cha mbele, nusu imekwanguliwa na nusu imeiva kwa jua, ambayo gari lilikuja nayo kutoka Singapore. Katikati yake palikuwa na tarakimu kubwa nyeusi: 8.0. Chini yake palikuwa na maandishi madogo yaliyofunikwa na gundi na vumbi. Sikuyafuta. Kwa nini niyafute? Katika maisha yangu yote sijamsikia mtu wa Mombasa akitaja unywaji wa gari kwa namna nyingine isipokuwa linakwenda ngapi kwa lita. Nilifikiri tu kwamba nane ni ndogo kwa gari dogo namna ile, nikajisemea labda injini imechoka.

Hamsini kwa nane, lita sita na robo. Nikazidisha. "Elfu moja mia moja na ishirini na tano," nikasema, kwa ile sauti yangu ya ofisini inayotaka kusikika. "Kila safari."

Kaka akapiga mluzi. "Mara mbili kwa wiki ni elfu mbili mia mbili na hamsini. Dada, mkopo unanikata, kodi inanikata. Nimejipima. Uwezo wangu ni elfu moja na mia tano kwa wiki, hata shilingi moja zaidi sina."

"Basi nitaongeza mimi mia saba na hamsini."

"Kila wiki? Na karo ya watoto?"

"Kila wiki," nikajibu. Nilijibu kwa hasira, kwa sababu sikujua nitazitoa wapi.

Mama alikuwa kibarazani hatua kumi kutoka kwetu, anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Ninaukumbuka mkono wake ulivyotulia juu ya ungo, kisha ukaendelea.

Wiki tatu tulikwenda vizuri. Kila alfajiri ya safari kaka aliweka petroli ya elfu moja mia moja na ishirini na tano, sawasawa na nilivyosema, maana kaka yangu akishaambiwa kitu na mimi hukishika kama amri. Mimi nikaacha kula chakula cha mchana yadini na kuwaambia wenzangu nimefunga kwa maombi. Kitu kimoja tu kilimsumbua. "Geji ya mafuta ya gari hili imekufa," aliniambia. "Natia mafuta, natembea, na sindano haishuki, yapanda tu." Tulicheka. Gari la mtumba, geji kufa ni jambo gani? Nilimwambia amshukuru Mungu kwamba injini haijafa.

Wiki ya nne mama alinipigia simu. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ya furaha iliyonifurahisha na mimi.

"Mwanangu, nina habari njema. Wauguzi wamenipima, wasema damu yangu imekuwa nzuri. Sasa nitakuwa nikienda Jumanne peke yake."

"Daktari amesema?"

"Ee, amesema. Mwambie kakako apumzike Ijumaa."

Nilipaswa kupiga simu hospitalini. Mimi, ninayemkatalia dereva risiti kwa sababu ya lita tatu, nilimwamini mama bila karatasi, na nitasema ukweli wote: niliamini kwa sababu ilinifaa. Mara moja kwa wiki ilikuwa inaingia ndani ya uwezo wa kaka, na mimi nikarudi kula mchana. Nilipokwenda kumwona alikuwa amejifunika leso miguuni, jua kali la saa saba. Nikamuuliza kama anahisi baridi, akasema kidogo. Miguu ilikuwa imevimba chini ya leso ile na mimi sikuifunua.

Alikwenda Jumanne nne hivyo. Jumamosi iliyofuata aliamka pumzi haitoshi. Kaka alimkimbiza kwa gari lilelile, na maji yalikuwa yamekwisha kujaa mapafuni. Hakuufikia mlango wa hospitali.

Muuguzi wa pale alinishika mkono nikiwa nimeegemea ukuta. Alikuwa mama wa makamo, na alilia pamoja nami kabla ya kusema neno. Kisha akasema, "Tulimngoja kila Ijumaa. Nilimpigia, akaniambia mafuta ni ghali. Akasema binti yake amepiga hesabu, na binti yake huyo hakosei."

Nilidhani hayo ndiyo maumivu yote. Nilidhani nitaishi na hilo, kwamba nilitaja bei mbele ya mgonjwa, kama mtoto asiye na adabu. Lakini yalikuwa na sehemu ya pili.

Siku za matanga gari la kaka halikupumzika. Kongowea kuchukua nyanya na vitunguu, kanisani kuchukua viti, Likoni kuwaleta wajomba, Mwakirunge na kurudi, siku tatu. Hakuna aliyekumbuka kuweka mafuta, na gari halikuzima. Shangazi mmoja alisema mama ndiye anayelisukuma. Watu waliitikia amina. Mimi nilikuwa nikijumlisha kichwani kilomita za siku zile tatu.

Baada ya maziko nilimwambia kaka tukaitengeneze ile geji. Alinishangaa, lakini tukaenda kwa fundi wake pale Kisauni. Fundi alifungua, akapima, akachungulia ndani ya tangi. "Wallahi dada, geji hii nzima kabisa. Inasema kweli. Mafuta yamo, karibu nusu tangi."

Nikamwomba kitambaa na petroli kidogo. Niliingia garini, nikasugua kona ya kioo. Gundi ilitoka polepole, na yale maandishi madogo chini ya nane yakajitokeza, kwanza herufi moja tu, L, kisha mkwaju, ule mstari wa kulala upande, kisha 100 km. Lita nane kwa kilomita mia. Huko lilikotoka ndivyo wanavyopima: hawasemi lita moja inakwenda wapi, wanasema kilomita mia zinakunywa lita ngapi. Kilomita hamsini ni nusu ya mia. Nusu ya nane ni nne.

Lita nne. Si sita na robo. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuipata.

Kaka aliinama dirishani. "Umeona nini?"

Ningeweza kumdanganya. Angeniamini, kama mama alivyoniamini. Lakini nilimwonyesha kwa kidole, nikamweleza, na sauti yangu ya ofisini haikuwepo tena. Nikamwambia safari moja ilikuwa mia saba na ishirini. Barabara ya Mwakirunge ina mashimo, nikasema, labda ingeongezeka kidogo, lakini geji ilikuwa ikituambia kila siku na sisi tukaicheka. Nikamwambia niue ukitaka.

Hakunigusa wala hakunitukana. Alikaa kwenye tairi kuukuu pale kwa fundi, akatazama mikono yake, midomo ikitembea. Huyu ndiye kaka aliyekuwa akiniletea mimi mdogo wake hesabu zake nimfanyie tangu shule ya msingi, na ambaye hata bei ya waya huniuliza mimi.

"Mara mbili," alisema mwishowe, "ni elfu moja mia nne na arubaini."

"Ndiyo."

"Na mimi nilisema ninazo elfu moja na mia tano."

Nilimrudishia fundi kitambaa chake.

"Zingebaki sitini," kaka akasema.